Jina Langu Kwenye Kikosi cha Mkwe Wangu

Mimi si mtu wa kubabaishwa na majina. Nilibatizwa jina la kizungu, na nikiwa msichana wa shule ya msingi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shaba ambako baba alipewa nyumba, serikali ya Zaire ikasema majina ya kizungu basi. Chama kilikuwa kimoja, redio moja, na amri ilikuwa moja. Mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja, kila mtoto ataje jina la mababu zake. Wenzangu wengine walilia. Mimi nilitaja la bibi yangu mzaa baba, kwa sauti, nikaketi. Ni jina la silabi mbili tu. Sokoni Kampemba, nilikouza vitenge maisha yangu yote, mteja aliyepita mara moja alirudi akiliita kutoka mbali. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba kuchagua jina la mchezo wa simu ni kazi, nilicheka mpaka kikohozi kikanishika.

Nieleze kwanza nilivyofika huko. Mume wangu alipofariki, nyumba yetu ya Makomeno ilinyamaza. Kila Jumamosi mchana binti yangu alikuwa anakuja na mume wake, na mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo, naye anajiunga nao. Nilikuwa napika bukari, ugali wetu, na samaki, wanakula, wanashukuru vizuri, halafu kila mmoja anachomeka ekuta masikioni na kuinamia simu yake. Walikuwa wanacheza mchezo wa vita. Watu wanne wanashushwa na ndege kwenye kisiwa, wanaokota bunduki na dawa, wanapigana na vikosi vingine vya watu wanne, na kikosi kinachobaki mwisho ndicho kinachoshinda. Walipiga kelele, wakacheka, wakagombana, wakasameheana, na mimi niko palepale nakusanya sahani. Nilichoka kuwa mtu wa sahani.

Basi siku moja mtu wao wa nne, rafiki wa mkwe wangu, akapata kazi Kolwezi akaondoka. Nao walikuwa wamejiandikisha kwenye mashindano ya ukumbi mmoja wa michezo kule Kampemba. Walikaa hapo sebuleni wakitaja majirani, nani anaweza kuziba pengo. Nikaweka sahani chini.

"Miye niko hapa," nikasema.

Mtoto wa kaka yangu akaangalia dari. Binti yangu akasema, "Maman, haiko mchezo ya karata hii."

"Najua. Munafikiri naangalia nini kila Jumamosi, pazia? Nimeshaicheza kwa simu yangu, peke yangu, mchana kutwa. Nimefika kiwango cha kumi."

Hawakuamini mpaka nilipowaonyesha. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa kapteni wao. Yeye ni fundi wa magari, kijana mpole, na mpaka siku ile sijui kama aliwahi kuniangalia machoni. Kwetu mkwe mwanaume na mama wa mke wake wanaheshimiana hivyo: hali chakula mbele yangu akiweza kukwepa, hakai kiti kimoja na mimi, na jina langu halipiti mdomoni mwake. Akaitazama miguu ya meza, akasema, "Tutajaribu, Mama. Mpaka Jumamosi kabla ya mashindano. Ikikatala, tutachukua binti ya jirani."

Nilikitaka kiti kile, sifichi. Nilikitaka kuliko nilivyokitaka kibanda changu cha kwanza sokoni.

Peke yangu nilikuwa nacheza kwa jina la mgeni, lile ambalo mchezo wenyewe unakupa, neno na tarakimu tele nyuma yake. Kwa kikosi halifai. Siku mbili tatu baadaye binti yangu na mtoto wa kaka yangu wakaja kunisaidia kuandika jina la kweli. Mkwe wangu alikuwa gereji.

"Tantine," akasema mtoto wa kaka yangu, "jina njo kitu ya kwanza. Ile mutu atakupiga risasi hangojee. Kapteni anaita jina kwanza, halafu anasema adui iko wapi. Jina ikiwa murefu, unakufa mbele ya kuimaliza."

Nikamwambia nimeelewa, aache kunifundisha kama niko darasani. Nikaandika MamanLaReine, yaani Mama Malkia. Zilikuwa herufi kumi na mbili, na mchezo hauruhusu zaidi. Maandishi mekundu yakatokea: jina limeshachukuliwa. Simu ikanipendekezea MaReine812.

"Tuiite basi," binti yangu akasema. "Ma-Reine-huit-cent-douze, nyuma yako! Aah, Maman, umeshakufa na umeshazikwa."

Tukacheka. Wakanieleza mengine, na yalikuwa na akili. Tarakimu haziitiki. Mistari na nyota za mapambo zinapendeza kwenye kioo lakini mdomo hauwezi kuzitamka, na rafiki akitaka kukutafuta aandike jina lako, hataziona kwenye simu yake. Jina lisifanane na la mwenzako, maana nusu ya neno ikisikika, wawili wanageuka. Wao walikuwa Chuma, ndiye kapteni. Turbo, ndiye mtoto wa kaka. Na Pili, ndiye binti yangu. Ukiyasema haraka, kila moja lina mlio wake.

"Muache nifanye," nikasema. Nikaandika lile la bibi yangu. Silabi mbili, halifanani na Chuma wala Turbo wala Pili, na mtu akilisikia mara moja halimtoki. Simu ikakubali papo hapo. Dunia nzima hakuna aliyekuwa ameshalichukua! Nikatoka uani, nikasimama karibu na ukuta, redio ya jirani ikiwa imewashwa kwa nguvu, nikaliita mwenyewe mara kadhaa, kwa sauti ya sokoni.

"Munasikia?"

"Tunasikia, Maman," binti yangu akasema. Alifungua mdomo kuongeza kitu. Nikamwambia kama ni wivu aumeze, na sufuria iko motoni. Akaumeza.

Jumamosi tukaanza. Sitaki sifa za bure: macho yangu ni mazuri na mkono hautetemeki. Nilipiga risasi vizuri. Lakini nilikuwa nakufa. Nakufa kila mara, tena mapema, na kila mara nikipigwa kutoka upande ambao sikuuangalia. Huo ndio ulikuwa upande wa kapteni. Katika kikosi chetu kila mtu alilinda upande wake, na kapteni alisimama nyuma kidogo, juu ya paa au kilima, akiwaangalia wote. Nilikuwa namsikia vizuri masikioni: "Pili, kushoto, dirisha! Turbo, rudi, rudi nyuma ya gari!" Nao wanaruka, wanapona. Kwangu, kimya. Halafu risasi, halafu kioo chekundu, niko chini natambaa.

Mara moja akasema, "Mama! Nyuma!" Nikageuka. Binti yangu naye akageuka, maana tangu wapate mtoto wao wa kwanza mume wake anamwita Mama, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyowaita wake zao. Aliyekuwa na adui nyuma ni mimi, lakini yeye ndiye aliyeacha mlango wake, wakaingia, wakatupiga wote wawili.

Mara nyingine nikasikia amevuta pumzi masikioni mwangu, akaanza taratibu kabisa, "Mama mukwe, tafazali, muniwie razi, nafikiri kuko muntu mumoja kwa..." Sikumsikia amalizie. Nilikuwa nimeshakufa.

Mtoto wa kaka yangu akacheka mpaka akaanguka kwenye kochi. Mimi sikucheka. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilijiambia, huyu kijana hataki niwe kwenye kikosi chake, ananiacha nife makusudi ili amchukue binti wa jirani. Nimempa mtoto wangu wa pekee, na yeye anashindwa kunipa neno moja! Nikavua ekuta, nikaenda jikoni, nikaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Binti yangu akanifuata.

"Mume wako ananichukia," nikamwambia.

"Hapana, Maman."

"Weye anakuita. Turbo anamwita. Miye jina langu ni fupi kama yenu, na haliiti."

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto. "Maman. Ile jina yako ni ya nani?"

"Ni ya bibi yangu. Ni yangu."

"Na mume wangu ni nani kwako?"

Yarabi! Nikabaki na sufuria mkononi. Mimi, niliyekaa siku nzima kwenye sherehe ya mahari yake, niliyeona wazee wa pande zote mbili wakimwambia yule kijana kila asilotakiwa kufanya mbele yangu. Mimi ndiye niliyechukua jina langu halisi, nikamwekea kwenye mdomo, nikamwambia alipigie kelele. Nilikuwa nimelipima kwa urefu, kwa mlio, kwa kumbukumbu, na redio ya jirani juu yake. Sikulipima kwa mdomo wa yule mmoja tu aliyetakiwa kuliita.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema niumeze."

Nikarudi sebuleni. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Nadhani alikuwa amejiandaa kufukuzwa.

"Kaa chini," nikamwambia. Akakaa, kwenye kiti cha mbali. "Ile jina, huwezi kuliita?"

"Hapana, Mama. Muniwie razi. Nilijaribu peke yangu, kwenye gari. Ilikatala."

Nilimwona kichwani mwangu akilijaribu peke yake, madirisha ya gari yamefungwa, na roho yangu ikalegea. Nikamwambia hakuna shida, mchezo ulinipa kadi ya kubadilisha jina nilipofika kiwango cha kumi, kadi moja tu, na sijaitumia maana jina la kwanza ni bure, nitaandika lingine. Nyota, Simba, Radi, lolote.

Akatikisa kichwa. Hapo ndipo aliposema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia. "Mama, hata mukiandika Simba, Simba itakuwa jina yenu. Niite mama ya muke yangu 'Simba, kimbia'? Nitaona kama nimewatukana. Mukono yangu itatetemeka, na tutakufa bote. Mumuchukue binti ya jirani. Haiko sababu hamujui kucheza. Munajua. Sababu ni miye."

Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameacha kucheka. Na mimi nilisikia uchungu, kweli, kwa sababu alikuwa na haki. Kadi ni moja, na jina lolote nitakaloandika litagonga ukuta uleule. Niliona kiti changu kinaondoka, na heshima ndiyo inakibeba, na heshima yenyewe siwezi kuigombeza. Halafu yule mwanamke wa sokoni ndani yangu akaamka. Mteja akikataa kitambaa, humwambii kwaheri. Unamuuliza anavaa nini siku zote.

"Ukitaka kuniita," nikamuuliza, "kwa heshima yote, mbele ya baba yako, unaniita nani?"

"Mama mukwe."

"Na Mama tumeona haifai, kwa sababu tuko wamama wawili kwenye vita."

"Ndiyo."

"Toa Mama. Inabaki nini?"

Akanitazama. Machoni, mara ya kwanza. "Mukwe," akasema, chini kabisa.

"Nimekutukana?"

"Hapana." Akafikiri. "Hapana. Iko heshima."

"Herufi tano, silabi mbili. Haifanani na Chuma, wala Turbo, wala Pili." Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika kwenye simu. Nilifumba macho nilipogusa kitufe, kwa sababu kadi ilikuwa moja na dunia ina wakwe wengi. Nilipofumbua, maandishi yalikuwa ya kijani. Lilikuwa huru.

"Maman," akasema binti yangu, "na miye nitakuita mukwe? Mama yangu mwenyewe?"

"Utaita jina lililoandikwa. Ni vita."

Tukacheza tena mchana uleule. Mwanzoni alilisema kama mtu anayebisha hodi. Mara ya pili likawa na nguvu kidogo. Halafu, tukiwa kwenye nyumba ndogondogo za ufukweni, sauti yake ikanipasukia masikioni: "Mukwe, kulia, ngazi!" Nikageuka kabla sijafikiri, nikampiga yule wa ngazini. Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio. Binti wa jirani hakuchukuliwa.

Ukumbi wa Kampemba ulikuwa chumba kirefu nyuma ya soko, viti vya plastiki, jenereta nje inanguruma, na vijana tele. Nilivaa liputa langu zuri, kitambaa cha Jumapili, na kilemba. Nilipoingia wakafikiri nimekuja kumtafuta mtoto aliyetoroka nyumbani. Mmoja akainuka akanipa kiti, vizuri kabisa. Nilipochomeka ekuta, akasema, "Kambo, mutacheza?" Kambo kwetu ni bibi. Nikamwambia atafute mahali pazuri pa kuangalia.

Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa kinachoonyesha mchezo, na sauti za vikosi zilisikika chumba kizima, maana wenye ukumbi walikuwa wanazitoa kwenye spika. Kwa hiyo kila mtu alisikia kapteni wetu akiita. Mwanzoni wakacheka. "Mukwe, shuka! Mukwe, chukua dawa!" Wakaulizana kama ni kweli. Mmoja anayemfahamu kapteni akawaambia ni mama ya muke yake kweli, na kicheko kikakatika kidogo. Wakaanza kusogea karibu.

Eneo salama likaendelea kufinywa, kama mchezo huo unavyofanya, mpaka tukabaki vikosi viwili kwenye shamba la mawe. Pili alikufa. Turbo akafuata. Halafu nikaona kapteni ameanguka nyuma ya ukuta mfupi, anatambaa. Katika mchezo ule aliyeanguka hafi papo hapo. Mwenzake akipiga magoti karibu naye kwa muda kidogo anamwinua. Lakini ukipiga magoti hupigi risasi.

Nilijua anachotakiwa kusema. Na yeye alijua. Kumwomba mama mkwe apige magoti mbele yako, mbele ya watu wa Kampemba, hilo halikuwa kwenye mazoezi yetu. Nilimsikia anapumua. Sikutaka kumsaidia, jina nilikuwa nimeshampa.

"Mukwe!" akapaza sauti. "Mukwe, niinue!"

Nikatupa bomu la moshi, nikakimbia, nikapiga magoti. Risasi zilipita ndani ya moshi, nyingine zilinigusa. Akainuka. Akatoka upande mmoja wa ukuta na mimi upande mwingine, na wale waliobaki hawakujua wamtazame nani. Tukawamaliza.

Sitasahau kelele zile. Vijana walisimama juu ya viti. Wakaanza kuniita, chumba kizima, kwa kupiga makofi: "Mu-kwe! Mu-kwe!" Nilisimama nikapunga mkono kama malkia, kwa nini nisifanye hivyo? Yule aliyenipa kiti akaja kunishika mkono, "Mukwe, hongera!" Na mwingine, "Mukwe, mutanifundisha?"

Hapo mkwe wangu akaacha simu yake kwenye kiti. Yeye ambaye hasemi mbele yangu, akasimama kati yangu na wale vijana, mikono kiunoni.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Kwenye mchezo muite. Inje ya mchezo, ile jina ni ya miye. Miye njo nilienda kwao na wazee, miye njo nilitoa mahari. Ninyi mumeoa nani? Mumuite Mama, kama batu bote."

Ukumbi ukaangua kicheko, lakini walitii. "Hongera, Mama," wakasema mmoja baada ya mwingine, wakiinamisha vichwa. Nilikaa, na machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Akaniokotea mkoba wangu chini ya kiti, akanisubiri niwe tayari, halafu akaniuliza, taratibu, huku ananiangalia machoni, "Mukwe, twende nyumbani?"